Niliandika Nyiragongo, kumbe ni Nyamulagira

Video yenyewe haifiki hata dakika mbili. Niliipiga kwa simu juu ya tarasi ya jirani yetu hapa Himbi, Goma, usiku mmoja wa Machi 2023, wakati mbingu upande wa kaskazini zilikuwa nyekundu kama mbabula iliyopulizwa. Nilishuka ngazi mbio, nikaipandisha YouTube kwenye chaneli yangu ndogo ya habari za mji, nikaandika kichwa: "NYIRAGONGO IMELIPUKA, angalia mbingu za Goma sasa hivi". Ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku.

Mlima uliokuwa ukiwaka ni Nyamulagira.

Kwa msomaji wa mbali hilo linaweza kuonekana jambo dogo, milima miwili jirani, yote ya volkano. Kwa mtu wa Goma tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utalala au utakimbia. Nyiragongo, wenye mita 3,470, umesimama juu ya vichwa vyetu, na lava yake ilishaingia katikati ya mji Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena jioni, ikachoma nyumba za watu na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Nyamulagira uko nyuma yake upande wa kushoto, kaskazini-magharibi, ni mfupi zaidi na mpana, na mara nyingi lava yake huishia porini ndani ya Hifadhi ya Virunga. Usiku, ukiwa Himbi na mawingu yameshuka, huoni mlima wowote. Unaona wekundu juu ya mawingu, na wekundu hauna jina. Jina niliweka mimi, kwa sababu ndilo lililokuwa kinywani mwa kila mtu pale tarasini.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopiga video, maana siku moja na wewe utaweka kichwa kisicho cha kweli, na utadhani kukisahihisha ni kubadili maneno mawili. Mimi kilinichukua siku tatu.

Saa tatu kasoro dakika tano mama mdogo alinipigia. Anaishi Majengo. Mwaka 2021 nyumba yake ya Buhene iliungua yote, akabaki na valizi moja na watoto watatu, na mmoja wao walipotezana naye njiani kuelekea Sake, akampata siku ya pili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka.

"Tuko njiani, tunashuka bandarini. Nimeona kwako, mutoto wangu. Weye uko wapi? Mbona haukimbie?"

Nikamwuliza ameona nini. Akaniambia ameona kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, picha yenye mbingu nyekundu, jina la chaneli yangu na maneno NYIRAGONGO IMELIPUKA. Alimwaga maharage yaliyokuwa motoni, akafunga mlango kwa kamba, akalipa motari wawili 15,000 mafranga kwa safari ambayo siku za kawaida haifiki hata nusu ya hizo. Alinyeshewa na mvua akiwa na mtoto wa miaka minne mgongoni. Mtu mwingine asingemtoa nyumbani, alisema baadaye. Alitoka kwa sababu ni mimi niliyeandika.

Wakati huo video ilikuwa imeshaangaliwa mara 2,300. Chaneli yangu haijawahi kupata hesabu hiyo kwa wiki nzima, na sitaficha, dakika chache kabla ya simu ile nilikuwa nikiifurahia.

Rafiki yangu mmoja aliye karibu na watu wa OVG, kituo kinachochunguza volkano zetu, akanitumia ujumbe kwamba ni Nyamulagira na lava inamwagika ndani ya hifadhi. Nikampigia mama mdogo arudi nyumbani. Kisha nikaishika video, na hapo nikaanza kuongeza makosa juu ya kosa.

Wazo la kwanza lilikuwa kuifuta. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Kilichonizuia ni kufikiria wale walioipokea kwenye makundi. Ukifuta, kiungo kinakufa, lakini ile picha ndogo na kichwa vilivyosafiri navyo havifi. WhatsApp hutengeneza picha hiyo na maneno yake wakati mtu anatuma kiungo, na vinabaki ndani ya mazungumzo kama vilivyokuwa. Mtu angebonyeza, akakuta video haipo, na kichwani mwake angesema wameiondoa kwa sababu ni kweli. Nikiiacha, angalau anayebonyeza atafika mahali ambapo naweza kumwambia neno.

Basi nikabadili kichwa kimya kimya. Saa tatu na dakika ishirini na tano niliandika "MAREKEBISHO: Nyiragongo haijalipuka, ni Nyamulagira", sikuacha neno lolote chini, nikakaa kuangalia. Komenti zikachafuka mara moja. Waliofika mapema walijua kichwa kilikuwa kingine, waliofika baadaye hawakuelewa wenzao wanalalamikia nini. Mmoja aliandika, "Umebadirisha juu umeona tunakushika." Alikuwa na haki. Kubadili kichwa bila kusema umekibadili ni kufuta nyayo.

Kichwa kile kipya chenyewe kilikuwa na ubovu wake, na niliugundua kwenye simu ya mdogo wangu. YouTube inakubali kichwa hadi herufi 100, lakini kwenye orodha za simu hukatwa mapema kuliko hapo. Kwenye skrini yake ndogo ilisomeka "MAREKEBISHO: Nyiragongo…" kisha nukta tatu, na pembeni mbingu nyekundu. Neno "haijalipuka" lilikuwa limemezwa. Nilikuwa nakanusha uongo kwa kuutaja kwanza. Nikakiandika upya nikianza na jina la kweli, bila jina la uongo kabisa: "Nyamulagira yawaka usiku, mwanga waonekana Goma (Machi 2023)". Neno Nyiragongo nililiacha kwenye maelezo ya chini, ili anayelitafuta aweze kufika na kusoma, lakini kwenye kichwa nililitoa.

Usiku ule ule niliandika komenti ya kuomba radhi na kuibandika juu ya nyingine zote. Kuibandika ni rahisi: unaandika komenti kwa jina la chaneli, unabonyeza zile nukta tatu pembeni yake, unachagua kuibandika. Video moja inabeba komenti moja tu ya juu, ukibandika nyingine ile ya kwanza inashuka. Shida ilikuwa maneno. Haya ndiyo niliyoandika mara ya kwanza:

"Ndugu watazamaji, kutokana na haraka na taarifa zilizokuwa zikisambaa, kichwa cha video hii kilileta utata kwa baadhi yenu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote. Goma iko salama, laleni bila hofu."

Niliona nimeandika vizuri, kama watu wa redio. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu anayeishi Bukavu, alinipigia asubuhi kabla sijanawa uso.

"Nani alileta utata? Kichwa kilijiandika chenyewe?"

"Hapana, baba."

"Na hao 'tuna' ni akina nani? Mko wangapi kwenye hiyo simu yako?"

Nilinyamaza. Akamalizia na lile lililonichoma zaidi: "Goma iko salama, nani amekuambia? Jana ulikuwa unajua volkano imelipuka, leo unajua watu walale. Umekuwa mwanasayansi usiku mmoja?"

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulifikiria, na mtazamaji mmoja alilisema waziwazi: "Hata 2021 walituambia ni Nyamulagira." Ni kweli. Jioni ile ya Mei 2021 taarifa za kwanza, hata kutoka kwa afisa wa OVG, zilitaja Nyamulagira, kabla haijajulikana kwamba ni Nyiragongo. Kwa hiyo maneno "tulieni, ni Nyamulagira tu" ndiyo yale yale ambayo watu wa Buhene waliyasikia lava ikiwa njiani. Mimi nilidhani nawapa dawa, kumbe nawapa kikombe walichowahi kunywea sumu. Marekebisho yangu yalihitaji kuonyesha yametoka wapi, na yasiahidi kitu nisichoweza kukisimamia.

Nikafuta komenti ya kwanza, nikaandika hii, ambayo iko pale hadi leo:

"Mlima unaowaka kwenye video hii ni Nyamulagira. Mimi niliandika Nyiragongo bila kuuliza mtu anayejua. Kichwa hicho cha makosa kilikaa hapa toka saa 2:10 hadi saa 3:25 usiku. OVG inasema lava inamwagika ndani ya hifadhi. Mimi si mtaalamu, habari za hatari zifuateni kwa OVG. Kama ulimtumia mtu kiungo hiki, tafadhali mtumie tena pamoja na maneno haya. Mlioondoka nyumbani na watoto kwa sababu yangu, nisameheni."

Mstari wa kwanza ndio wenye kazi kubwa. Kwenye simu, komenti zimefungwa chini ya video na unaona maneno machache tu ya ile ya juu, mpaka ubonyeze. Kama mstari wa kwanza ni "Ndugu watazamaji, kutokana na…", mtu anapita bila kujua lolote. Ukianza na ukweli wenyewe, hata asiyefungua ameupata. Radhi inaweza kungoja mwisho. Na saa nilizitaja ili mtu aliyeona kichwa cha kwanza ajue hakuota.

Matusi sikuyafuta. Yapo chini ya radhi yangu, na wengine walionitukana ndio waliorudi kuwaeleza waliochelewa.

Siku ya pili nilidhani nimemaliza. Mchana binamu yangu wa Lubumbashi akanitumia picha ya skrini yake: video yangu, ikisema kwa Kifaransa kwamba Nyiragongo imelipuka na Goma iko hatarini. Nilifungua simu yangu, kichwa kilikuwa sawa. Nikamwambia afunge na kufungua tena. Akafungua. Bado.

Ilinichukua karibu saa nzima kukumbuka. Wakati wa kupandisha video nilikuwa nimejaza pia kichwa na maelezo ya Kifaransa, kwenye sehemu ya lugha ndani ya YouTube Studio, kama ninavyofanya kila mara ili kupata watu wa Kinshasa. YouTube humwonyesha mtu kichwa cha lugha ya simu yake kama kipo. Ukibadili kile cha asili, tafsiri haijibadili, inakaa vile ulivyoiacha. Simu yangu niliiweka kwa Kiswahili, ndiyo maana sikuona kitu. Lakini hapa Kongo simu nyingi zimewekwa Kifaransa. Yaani kwa muda wa saa kumi na tano hivi nilikuwa nimejisahihishia mwenyewe, na sehemu kubwa ya watazamaji wangu walikuwa bado wanasoma uongo ule ule. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu lilitokea baada ya kuomba radhi.

Toka siku hiyo sijiamini kwa simu yangu. Nikibadili kitu naazima simu ya mdogo wangu, iliyo ya Kifaransa na isiyoingia kwenye akaunti yangu, natafuta video kama mtu baki, na nasoma kila kinachoonekana: kichwa, picha, maelezo, na alama za reli zinazotokea karibu na kichwa. Ndivyo nilivyokuta #Nyiragongo bado ikining'inia pale kwa sababu niliiandika kwenye maelezo. Ndivyo pia nilivyokuta picha ya jalada, ambayo nilikuwa nimeichora maneno "IMELIPUKA!" kwa herufi za njano. Maneno yaliyo ndani ya picha hayabadiliki ukibadili kichwa. Nilitengeneza picha nyingine bila neno lolote, mbingu tu. Kwenye maelezo zaidi ya video kuna pia nafasi ya tarehe na mahali ilipopigwa, ambayo sikuwahi kuijaza. Nikaijaza, maana video ya mbingu nyekundu bila tarehe inaweza kufufuliwa mwaka wowote.

Kilichobaki ni sauti yangu. Kwenye sekunde ya 12 nasikika nikisema, kwa furaha ya kijinga, "Hii ni Nyiragongo, jameni!" YouTube haikuruhusu kuweka faili jipya mahali pa la zamani. Ukipandisha upya unapata kiungo kipya, na kile kilichosambaa kinabaki na video ya kwanza. Ungeweza kukata kipande hicho kwa kihariri cha Studio bila kupoteza kiungo, ila kukata huchukua muda kuchakatwa na video ya zamani inaendelea kuonekana hadi kuishe. Mimi niliamua kutokata. Niliona mtu aliyesikia nikisema vile akirudi na kukuta sijasema, ataniona mwongo mara mbili. Baba mkubwa hakukubaliana nami kwa hili, anasema sauti inayodanganya ikatwe tu. Labda ana haki.

Badala yake nilitumia njia ya marekebisho ya YouTube yenyewe, iliyokuwapo wakati ule. Ulikuwa unaandika kwenye maelezo ya video neno maalumu, na mstari unaofuata unaweka dakika na sekunde ya kosa pamoja na sahihisho. Video ilipofika hapo, kikadi kidogo kilitokea kwenye kona ya juu. Mwanzoni niliandika "Marekebisho:" na hakuna kilichotokea. Neno la mwanzo lilikuwa lazima liwe la Kiingereza kama lilivyo hapa, hata kama mengine yote ni ya Kiswahili:

```
Correction:
0:12 Nasema Nyiragongo, nimekosea. Ni Nyamulagira.
```

Kikadi hicho kilimfikia yule asiyesoma komenti, na hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Hakikumfikia aliyepakua video na kuituma kama faili. Kopi hizo zilikuwapo, niliziona kwenye makundi mawili, moja ikiwa imekatwa jina langu. Kwa hizo hakuna kichwa, hakuna komenti, hakuna kikadi. Nilichofanya ni kumwomba kila ninayemjua aliye ndani ya makundi hayo aweke sauti yangu ya sekunde ishirini, nikitaja jina langu na kusema nilikosea mlima. Sauti inapita pale video ilipopita, na mama zetu wanasikiliza sauti kabla ya kusoma chochote. Kiungo nacho nilikituma upya kwenye kundi la kanisa, ili picha ndogo mpya ikae chini ya ile ya zamani. Ile ya zamani bado ipo, ukipandisha mazungumzo juu utaikuta.

Jumapili nilienda Majengo na 15,000 mafranga ndani ya bahasha, na kilo mbili za maharage. Mama mdogo alipokea maharage. Fedha alinirudishia, akasema hizo alilipa kwa hofu yake mwenyewe na hofu hiyo alikuwa nayo kabla yangu. Mtoto alikuwa na kikohozi toka ile mvua. Nilimwonyesha komenti kwenye simu yake, akaisoma polepole akifuata kwa kidole, akafika mwisho, akarudi juu.

"Umesema uliandika bila kuuliza mtu anayejua," aliniambia. "Sasa unamuuliza nani?"

Nikamtajia yule rafiki, na taarifa za OVG. Akatikisa kichwa, akachukua maharage akaanza kuyachambua kwenye ungo.

Kuna usiku, mawingu yakishuka, mbingu za kaskazini zinarudi kuwa nyekundu. Nikifungua takwimu naona ile video ya 2023 imepata tena watu mia, mia mbili, kwa saa moja. Hao wanatafuta jina la mlima. Basi naazima simu ya mdogo wangu, naiangalia kwa Kifaransa, na nahakikisha ile komenti bado iko juu.